Ripoti ya mwaka ya chama cha akiba: mwanachama anataka kujua pesa yake imefanya nini

Miezi hii ya Machi na Aprili vyama vya akiba na mikopo nchini huwa mbioni. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka mkutano mkuu wa mwaka ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na wanachama wapewe taarifa ya maandishi siku 15 kabla. Kwa chama kinachofunga hesabu tarehe 31 Disemba, mwisho ni Aprili 30. Kwa hivyo ripoti inatakiwa iwe tayari kufikia katikati ya Aprili, na hapo ndipo makatibu huanza kutafutana.

Shemeji yangu anafundisha Naitiri, kule eneo la Tongaren, Bungoma, na ni katibu wa chama kidogo cha wakulima wa mahindi na walimu. Kwa kuwa mimi nilisomea ushirika, aliniuliza swali ambalo hata huku kwetu Pwani naulizwa: hesabu mkaguzi ameshazitengeneza, sasa yale maelezo ya mwenyekiti yanayotangulia hesabu yaandikwe vipi?

Nianze na lile ninaloliona mara nyingi. Maelezo huandikwa kabla mkaguzi hajamaliza, halafu tarakimu zinachomekwa baadaye. Matokeo yake ni maneno matamu yasiyogusa hesabu: mwaka ulikuwa na changamoto, hali ya uchumi ilikuwa ngumu, lakini tunamshukuru Mungu. Mwanachama akifungua ukurasa wa pili anakuta gawio limeshuka karibu nusu, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Hapo mkutano unaharibika, hata kama viongozi hawakuiba shilingi. Kwa hivyo kanuni ya kwanza: usianze kuandika mpaka uwe na hesabu zilizotiwa sahihi na mkaguzi. Kazi ya maelezo ni kuzifafanua hesabu hizo, basi.

Kabla ya hesabu zenyewe, chukua kumbukumbu za mkutano wa mwaka uliopita. Andika kila azimio lililopitishwa, na mbele yake neno moja: limefanyika, linaendelea, au halijafanyika, na sababu. Ukurasa mmoja unatosha. Wanachama wanakumbuka waliyoahidiwa kuliko viongozi wanavyodhani, na katibu anayeanza na orodha hiyo hupunguza nusu ya maswali.

Ziada imekwenda wapi?

Sasa tuchukue chama cha mfano cha mashambani kama Naitiri. Tarakimu hizi ni zangu za kufundishia tu. Mwaka wa nyuma chama kilipata riba ya mikopo shilingi milioni 4.8, kikatumia milioni 1.6 kwa mishahara, kodi ya nyumba na ukaguzi, na kikatenga laki 2 kwa hofu ya mikopo kutolipwa. Ziada ikawa milioni 3. Mwaka huu riba imepanda hadi milioni 5, matumizi yamefika milioni 1.7, lakini fedha zilizotengwa kwa ajili ya mikopo mibovu zimefika milioni 1.5. Ziada ni milioni 1.8.

Mwanachama wa kawaida atasikia tu kwamba ziada imeshuka kwa milioni 1.2, na moja kwa moja atawaza mishahara na posho za viongozi. Maelezo mazuri yanamtembeza hatua kwa hatua. Mapato yaliongezeka laki 2. Matumizi yaliongezeka laki 1. Kilichokula ziada ni mikopo iliyochelewa, iliyotulazimu kutenga milioni 1.3 zaidi ya mwaka uliopita. Sentensi tatu, na kila mtu amejua kidonda kiko wapi.

Lakini neno kutenga nalo lataka kufunguliwa, maana wengi hudhani pesa hizo zimewekwa benki mahali fulani. Kanuni zinazotumiwa na SASRA, mamlaka inayosimamia vyama vinavyopokea amana, hupima mkopo kwa siku ulizochelewa. Ukichelewa kati ya siku 31 na 180, chama hutenga asilimia 25 ya salio. Kati ya siku 181 na 360 ni asilimia 50. Ukipita siku 360, unahesabiwa wote kuwa hasara. Vyama vidogo visivyo chini ya SASRA pia vinaweza kutumia kipimo hicho, na ni busara kufanya hivyo. Mweleze mwanachama kwa mkopo mmoja: mtu anadaiwa laki moja, amechelewa siku 200, kwa hivyo shilingi 50,000 tunaziondoa katika ziada ya mwaka huu kana kwamba zimepotea. Akilipa mwakani, zitarudi katika mapato. Asipolipa, angalau hatukugawana pesa ambazo hazipo.

Mahindi hayalipi kila mwezi

Hapa ndipo mwandishi wa ripoti anahitaji kujua maisha ya wanachama wake. Kule Naitiri mkulima huchukua mkopo wa mbegu na mbolea mvua za masika zinapokaribia, Machi au Aprili. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Disemba, kisha yakaushwe, yatafutiwe mnunuzi, na pesa zilipwe. Ikiwa chama kimemwandikia mkulima huyo alipe kila mwezi kama mwalimu mwenye mshahara, atakuwa amechelewa kufikia Juni, na tarehe 31 Disemba hesabu zitamwonyesha kama mdaiwa sugu hali magunia yake yako ghalani.

Kwa hivyo maelezo lazima yatenganishe makundi mawili: waliochelewa kwa sababu mavuno hayajauzwa, na waliochelewa kwa sababu wameshindwa au hawataki. Njia ya kuwatenganisha si kukisia. Angalia daftari la malipo kuanzia Januari 1 hadi siku unayoandika. Ikiwa kati ya mikopo iliyochelewa sehemu kubwa imelipwa Januari na Februari, andika kiasi hicho na tarehe. Ikiwa hakuna kilichoingia, usijifiche nyuma ya mahindi.

Kuna mpaka hapa usiovukwa. Pesa zilizoingia Februari ni za mwaka mpya. Usizitoe kwenye tarakimu ya mkaguzi ili deni lionekane dogo. Sema tu: hali ya Disemba ilikuwa hivi, kufikia Machi 15 yamelipwa haya. Kisha pendekeza dawa: mikopo ya kilimo ipangiwe malipo baada ya mavuno, na iwekwe katika orodha yake mbali na mikopo ya mishahara. Hilo ni azimio ambalo mkutano unaweza kulipigia kura.

Msomaji wa Lamu au Vanga asidhani hili ni la bara peke yake. Mvuvi wa mashua ndogo wakati wa kusi haendi mbali, na kipato chake hushuka. Chama cha wavuvi kinachodai malipo sawa Julai na Januari kitakuwa na ripoti ile ile ya Naitiri, samaki wakishika nafasi ya mahindi.

Gawio, na swali la mama aliyeweka Septemba

Tuendelee na mfano. Katika milioni 1.8, chama chetu kinaweka asilimia 20 kwenye mfuko wa akiba, yaani 360,000. Inabaki milioni 1.44. Hisa za wanachama ni milioni 3, zinapewa asilimia 8, ambayo ni 240,000. Akiba zao ni milioni 30, zinapewa asilimia 4, ambayo ni milioni 1.2. Hesabu imefungika. Eleza tofauti ya vitu hivi viwili kila mwaka bila kuchoka: hisa ni mtaji wako ndani ya chama, huwezi kuzitoa, unaweza tu kumuuzia mwanachama mwingine, akiba ni yako na ndiyo dhamana ya mkopo.

Halafu linakuja swali lisilokosekana. Mama wawili wana akiba ya 60,000 kila mmoja. Wa kwanza amepata 2,400, wa pili 600. Mbona? Kwa sababu wa kwanza pesa zake zilikuwemo tangu Januari, na wa pili aliweka mwisho wa Septemba. Miezi mitatu ni robo ya mwaka, na robo ya 2,400 ni 600. Weka mfano huu ndani ya ripoti yenyewe, na mweka hazina hatazongwa mlangoni.

Jambo moja zaidi kuhusu gawio: angalia pesa taslimu. Ziada ni hesabu, na sehemu yake inaweza kuwa riba ambayo bado haijalipwa na wadaiwa. Ikiwa gawio ni milioni 1.44 na benki kuna laki 6, maelezo yaseme litalipwa lini na kutoka wapi. Chama kinachokopa ili kigawe gawio kinamlipa mwanachama kwa mfuko wake mwenyewe.

Neno la mkaguzi lisifichwe

Mwaka 2025 nchi ilisikia habari za KUSCCO, umoja ambamo vyama vingi vilikuwa vimeweka fedha zao. Uchunguzi wa kampuni ya PwC ulieleza hasara ya takriban shilingi bilioni 13.3, na kwamba hesabu zilipikwa kwa miaka. Ilielezwa hata kwamba kulikuwa na hesabu zenye sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Vyama vilivyoweka fedha huko vililazimika kutenga hasara katika vitabu vyao.

Kwa mwandishi wa ripoti, funzo ni la vitendo. Kama chama chako kimewekeza mahali, taja mahali hapo, kiasi, na kama mtaji bado unarudishika. Usiandike tu "vitega uchumi". Na soma barua ya mkaguzi. Ikiwa ndani yake kuna neno "isipokuwa" likifuatiwa na jambo, jambo hilo lazima lionekane katika maelezo ya mwenyekiti, kwa lugha nyepesi, pamoja na hatua iliyochukuliwa. Nawe mwanachama, tafuta jina la mkaguzi na tarehe ya sahihi yake. Maelezo ya mwenyekiti yakiwa na tarehe ya nyuma kuliko ya mkaguzi, uliza yaliandikwa kwa hesabu zipi.

Mwisho, ripoti hii itasomwa kwa sauti. Naitiri wengine watatafsiriwa kwa Kibukusu papo hapo, na huku kwetu kuna wazee watakaosikiliza tu. Kwa hivyo isome kwa mtu mmoja asiye kwenye kamati kabla ya kuichapisha, kisha mwulize mambo matatu: ziada imeshuka kwa nini, gawio lake ni kiasi gani, na nani hajalipa mikopo, mkulima anayesubiri soko au mtu aliyekimbia. Akishindwa kujibu moja, rudi kwenye aya hiyo uiandike upya.