Bega Linapouma Kwenye Benchi: Anza na Mahali Unaposhika Chuma

Wanaopiga benchi kwa miaka kadhaa wengi wao wanayajua maumivu haya. Chuma kinashuka vizuri, kisha kikikaribia kifua, kitu kinachoma mbele ya bega, karibu na pale mkono unapoungana na kifua. Ukisukuma hadi juu yanapungua. Kesho yake unayasikia tena unapovaa shati au unapopeleka mkono nyuma kufikia kiti cha nyuma cha gari. Wengi hupaka dawa ya kuchua, hupumzika siku chache, kisha hurudi kwenye benchi ileile na kushika palepale. Maumivu nayo hurudi.

Sababu huwa si uzito peke yake. Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo kilichoegemea kwenye shimo dogo, tena lisilo na kina, lililo kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni. Kiwiko kinaposhuka chini ya usawa wa kiwiliwili huku kimetanuka mbali na mbavu, kichwa hicho husukumwa mbele. Huko mbele inapita kano ndefu ya msuli wa mbele wa mkono, pamoja na kano na tishu nyingine zinazolishikilia bega. Zikivutwa na kubanwa hivyo chini ya uzito, mara kwa mara, wiki hadi wiki, huchokozeka na kuanza kuuma.

Kwa hiyo jambo la kutazama ni kiwiko: kinakwenda wapi, na kinashuka kiasi gani. Kuna jaribio rahisi. Punguza uzito hadi nusu, lala sakafuni badala ya kwenye benchi, mwenzako akupe chuma mkononi, kisha sukuma. Sakafu itavizuia viwiko visishuke chini ya mwili. Ikiwa maumivu yamekwisha au yamepungua sana, dalili ni kwamba bega lako linachokozwa na sehemu ya mwisho ya kushuka, na hiyo ndiyo ya kurekebisha. Ikiwa bado linauma vilevile hata kwa uzito mdogo, acha kusukuma kwanza, ukapimwe.

Kinachoamua zaidi njia ya kiwiko ni upana wa kushika. Mwaka 2007 watafiti wawili, Green na Comfort, walipitia suala hili na kushauri kwamba umbali kati ya mikono usizidi mara moja na nusu ya upana wa mabega, kwa kuwa mshiko mpana zaidi unaliongezea bega mzigo. Lakini vyuma vingi vya kiwandani vina alama mbili zilizoachana kwa sentimeta 81. Alama hizo ni za mashindano ya kunyanyua uzito na zinaonyesha mwisho wa upana unaoruhusiwa. Hazimwambii mtu yeyote ashike hapo, ingawa wengi huzichukua hivyo.

Tuseme kijana anasukuma kilo 80 mara nane, vidole vya shahada vikiwa juu ya alama hizo. Mwenzake anampima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ncha ya bega la pili, na kupata sentimeta 42. Mara moja na nusu ya hapo ni sentimeta 63. Maana yake kila mkono unapaswa kuingia ndani kwa sentimeta 9, zaidi kidogo ya upana wa vidole vinne. Anabandika seloteipu mahali papya ili asirudi kwenye mazoea. Hata chuma cha kujitengenezea, cha bomba na makopo ya zege, kinaweza kuwekwa alama hivyohivyo.

Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Uhakika unaupata chuma kikiwa kifuani: mwenzako akisimama upande wa miguu yako, aone kigasha, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, kimesimama wima. Kikielekea nje umeshika kwa upana mno, na kikielekea ndani umebana mno. Kubana kupita kiasi si dawa, maana kunavihamishia mzigo vifundo na viwiko.

Mshiko ukiingia ndani, viwiko navyo husogea mbavuni. Visitanuke kufuata mstari wa mabega, wala visigande ubavuni. Nafasi nzuri kwa wengi ni takriban nyuzi 45 hadi 60 kutoka mbavuni. Chuma kiguse sehemu ya chini ya kifua, usawa wa chuchu au chini yake kidogo, kisha kipande kikirudi taratibu juu ya mabega. Anayekishusha karibu na shingo huvilazimisha viwiko kutanuka, hata kama ameshika vizuri.

Yote haya yanategemea makombe ya mabega. Ni kama chungu na mafiga: figa likicheza, chungu hakitulii hata kiwe kizuri vipi. Kabla ya kushika uzito, yavute makombe nyuma kuelekea uti wa mgongo na chini kidogo kuelekea kiunoni, kisha yalalie hivyo. Wengi huyapoteza mwanzoni kabisa, kwa sababu vyuma vya kuegeshea viko juu mno na inabidi mabega yanyanyuke ili kukitoa chuma. Shusha egesho, au mwombe mwenzako akutolee.

Misuli inayoyashikilia makombe nayo inahitaji kazi yake, mara mbili au tatu kwa wiki. Zoezi la kwanza ni la kuvuta: inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta uzito kuelekea tumboni, na utulie kidogo makombe yakikutana. La pili linahitaji ukanda wa mpira, na tyubu ya baiskeli inafaa. Ifunge kwenye nguzo usawa wa uso, uivute kuelekea masikioni huku ngumi zikigeukia nyuma. La tatu ni pushapu: ukifika juu mikono ikiwa imenyooka, sukuma ardhi zaidi hadi mgongo wa juu upande kidogo. Hilo hufanyisha kazi msuli unaolibana kombe kwenye mbavu, ambao benchi huusahau kwa kuwa pale makombe yametulizwa. Seti tatu za mara 12 kwa kila zoezi zinatosha.

Kijana wetu anaanza upya na kilo 50. Kila wiki anaongeza kilo 2.5, kwa sharti moja: bega lisiwe limezidi kuuma asubuhi inayofuata. Likiuma zaidi, anarudi uzito wa wiki iliyopita. Akienda bila kukwama, kilo 80 atazifikia baada ya wiki 12, na katika muda huo misuli ya makombe itakuwa imepata mazoezi ya kutosha kuzihimili.

Kuna maumivu yasiyorekebishwa kwa mshiko. Ukisikia kitu kimekatika, mkono ukavilia damu au ukashindwa kuuinua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Bega linalokuamsha usiku, ganzi inayoshuka mkononi, au uchungu juu kabisa ya bega pale mtulinga unapoishia, vinahitaji daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Na kifua kikibana pamoja na jasho na kukosa pumzi, hilo huenda ni la moyo. Acha chuma, utafute msaada mara moja.