Choo cha Milimita 300 na Ukuta Usiokamilika

Anayeagiza choo cha kukaa mtandaoni hutazama umbo, rangi na bei, kisha hupima kama kitaenea chumbani. Kipimo kinachoamua kama kitafungika hakionekani pichani: ni umbali kutoka ukutani hadi katikati ya bomba la maji taka linalotokea sakafuni. Katalogi huuandika kando ya neno S-trap, mara nyingi 300 mm au 400 mm. Choo cha P-trap hutoa maji taka kwa nyuma, na kwake hupimwa kimo cha bomba kutoka sakafuni. Kwa choo cha S-trap, tepu inaweza kuwa sahihi kabisa na choo bado kikarudi dukani, kwa sababu kilichopimwa ni ukuta ambao haujakamilika.

Chukua bafu ambalo bado ni tofali tupu. Fundi anapima kutoka kwenye tofali hadi katikati ya bomba, anapata milimita 300, na mwenye nyumba anaagiza choo cha 300. Baadaye lipu inachukua milimita 15, gundi 5 na kigae 8. Jumla ni 28, kwa hiyo umbali uliobaki ni 272. Choo kile hakikai tena juu ya bomba, kwani mgongo wake ungelazimika kuingia ukutani milimita 28. Choo cha 250 kingekaa, kikiacha mwanya wa milimita 22 nyuma yake. Namba ya choo ikizidi ya chumba, kazi imekwama. Ikipungua kidogo, unabaki mwanya tu.

Wapo watakaosema fundi atasahihisha kwa kiunganishi kilichopinda. Huenda akaweza, lakini kiunganishi hicho husogeza tundu kwa sentimita chache tu, na kila kona ya ziada ni mahali pa karatasi kunasa. Wengine watasema mchoro wa katalogi unatosha, basi namba zikilingana hakuna shaka. Tatizo ni kwamba kauri husinyaa inapochomwa tanuruni, hivyo vyoo viwili vya aina moja huweza kupishana kwa milimita kadhaa. Chumba kinachosoma 300 kamili hakina akiba yoyote kwa choo cha 300.

Asiyeweza kusubiri vigae atoe unene wake kwanza, pamoja na wa lipu na gundi, ndipo alinganishe na katalogi. Katikati ya bomba nako kusikisiwe: pima hadi ukingo wa karibu, kisha ongeza nusu ya upana wa bomba, yaani 55 kwa bomba la milimita 110. Pima chini na tena kwenye kimo cha tanki, maana ukuta ukiinama, tanki ndilo litakalougusa kwanza, na namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo ya kuagizia.