Kuwaidhi Vijana kwa Ulimi Wako Mwenyewe

Mwenye kuwaidhi vijana wa miaka 14 au 16 hana haja ya kuazima Sheng. Maneno yake hubadilika upesi, na hata mitaa ya Nairobi haisemi namna moja. Mtu mzima huyapata yamekwisha chakaa. Vijana wakitazamana na kutabasamu, ujue neno limekukataa.

Azima mambo yao, ulimi uache wako. Tuseme mada ni kusengenya. Mfano wa majirani barazani ni wa wazee. Waambie: “Msichana amemwandikia rafikiye siri kwa simu. Rafiki akayapiga picha maandishi yale, akayapeleka katika kundi la darasa. Kabla ya kengele ya mapumziko wote wamekwisha yasoma.” Kiswahili ni cha kila siku, na hali ni yao. Kisha litaje neno ghiba, ulieleze: kumtaja mwenzio asipokuwapo kwa jambo la kweli alichukialo. Watasema, “Lakini ni kweli!” Naam, lingekuwa la uongo lingeitwa buhutani.

Ila kwanza msimulie kijana mmoja mfano huo faraghani. Huenda akakwambia kuwa shuleni kwao simu haziruhusiwi. Basi kengele iondoe, kisa kitokee usiku, kila mtu kitandani mwake.