Mfupa wa Tano Begani

Mhusika wa gemu ya simu, yule anayekimbia na kuruka kwa kidole chako, ndani yake ni mtupu. Ana ngozi ya pembetatu zilizoungana, na ndani ya ngozi hiyo mna mifupa ya kubuni ambayo mchezaji haioni kamwe. Pale kona za pembetatu zinapokutana pana vipeo, na vipeo ndivyo vinavyosogea mfupa ukigeuka. Mhusika wa poligoni chache anaweza kuwa na pembetatu 1,500 mwili mzima. Kupaka uzito ni kuamua kila kipeo kifuate mfupa upi, na kwa kiasi gani.

Kiasi hicho huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Kipeo cha utosini hufuata mfupa wa kichwa kwa 1, na habari yake imeishia hapo. Kwenye kiwiko mambo hugawanyika: kipeo cha katikati hupewa 0.5 kwa mfupa wa mkono wa juu na 0.5 kwa kigasha. Mkono ukikunjwa, kompyuta hutafuta kipeo kingekuwa wapi kama kingefuata mfupa wa kwanza peke yake, kisha kingekuwa wapi kama kingefuata wa pili, halafu huchukua wastani kulingana na uzito. Ndiyo maana jumla ya uzito wa kila kipeo lazima iwe 1. Ikipungua, na programu isipoirekebisha, kipeo huvutwa kuelekea kwenye chanzo cha vipimo, mara nyingi miguuni pa mhusika, na ngozi hutoa mwiba mrefu.

Kwa nini mifupa minne? Chipu ya michoro imezoea kushika namba nne kwa mkupuo mmoja, na faili nyingi za gemu zimejengwa kwa mtindo huohuo. Katika faili za glTF, kila kipeo huja na namba za mifupa minne katika `JOINTS_0` na uzito wake minne katika `WEIGHTS_0`. Unaweza kuongeza seti ya pili, lakini usitegemee kila gemu itaisoma. Unity nayo, ukiingiza mhusika bila kubadilisha chochote, huchukua mifupa minne kwa kila kipeo.

Sehemu kubwa ya mwili haina ugomvi na kikomo hicho. Kiwiko, goti na vidole vinatosheka na mifupa miwili, na kwa mhusika wa poligoni chache zaidi ya hapo ni hasara tu, kwa kuwa hakuna vipeo vya kutosha vya kuonyesha mpito mlaini. Kiwiko kizuri kina pete tatu za vipeo: ya juu 0.85 kwa 0.15, ya kati nusu kwa nusu, ya chini 0.15 kwa 0.85. Kasheshe iko begani.

Begani pana kifua, mtulinga, mkono wa juu, uti wa mgongo na shingo, na yote imekaa karibu karibu. Katika Blender, ukiunganisha ngozi na mifupa kwa Ctrl+P kisha With Automatic Weights, programu hugawa uzito kwa kuangalia ukaribu wa mfupa na ngozi. Haijui kwamba shingo haina kazi ya kusogeza bega. Tuchukue kipeo kimoja cha juu ya bega la kushoto. Kimepewa kifua 0.38, mtulinga 0.27, mkono wa juu 0.24, shingo 0.07, uti 0.04. Jirani yake, umbali wa sentimita chache, amepewa kifua 0.40, mtulinga 0.25, mkono wa juu 0.25, uti 0.06, shingo 0.04.

Wengi hapa hubonyeza Limit Total, wanaacha namba 4 ilivyo, wanaendelea na mengine. Amri hiyo hufanya ilichoambiwa: katika kila kipeo hutupa mfupa wenye uzito mdogo kuliko yote. Kipeo cha kwanza hupoteza uti na kubaki na shingo. Jirani hupoteza shingo na kubaki na uti. Kila kimoja sasa kina mifupa minne halali, na rangi za kwenye skrini zinapendeza. Mgeuze mhusika kichwa.

Tuseme shingo imegeuka nyuzi 60 na kipeo chetu kiko sentimita 18 kutoka mhimili wake. Kingefuata shingo kikamilifu, kingehama sentimita 18. Sasa kinaifuata kwa 0.073, yaani ile 0.07 baada ya jumla kurudishwa kuwa 1, kwa hiyo kinasogea kama sentimita 1.3. Jirani hasogei kabisa. Kabla ya kupunguza, tofauti yao ilikuwa kama nusu sentimita. Juu ya bega lenye vipeo vichache, hilo ni kunjo linaloonekana wazi, linalotokea na kutoweka kila mhusika anapoangalia upande.

Kwa hiyo mfupa wa kutupwa auchague mtu, na uwe uleule kwa eneo zima. Chagua vipeo vyote vya bega, ondoa shingo na uti kwa mkono, kisha Normalize All. Kipeo chetu kinabaki na kifua 0.427, mtulinga 0.303 na mkono wa juu 0.270. Mifupa mitatu tu, na nafasi moja ya akiba kama baadaye utaongeza mfupa wa kuusokota mkono. Baada ya hapo Limit Total ipite kama mkaguzi, ikiwa imebakiwa na kazi ndogo au haina kabisa.

Blender ina tabia moja ya kuangaliwa: inapokunja mhusika, husawazisha jumla kimyakimya, hivyo uzito usiofika 1 hautauona humo. Tabia nyingine ni ya amri ya Smooth. Inalainisha mpito kwa kumpa kila kipeo sehemu ya uzito wa majirani, na pamoja nao huleta mifupa yao. Mtu anapunguza, analainisha kidogo ili pendeze, na mfupa wa tano umerudi. Mpangilio ni kulainisha kwanza, kupunguza baadaye, kusawazisha mwisho. Kuhakikisha, mistari hii hutaja kila kipeo kilichozidisha:

```python
import bpy
for v in bpy.context.object.data.vertices:
    if len(v.groups) > 4:
        print(v.index, len(v.groups))
```

Isipochapa kitu, kikomo kimeheshimiwa. Haikuambii kama mifupa iliyobaki ndiyo inayostahili. Hilo hujulikana kwa kumnyanyua mhusika mkono, kumgeuza kichwa na kumchuchumaza huku ukimtazama. Inua mguu wa kushoto: paja la kulia la ndani likinyanyuka nalo, brashi au ugawaji wa otomatiki umevusha uzito upande wa pili.

Na kwa gemu za simu za bei nafuu kuna jaribio moja zaidi. Katika Unity, chini ya Quality, kuna Skin Weights, na ngazi ya chini mara nyingi huwekwa `2 Bones`. Hapo injini huchukua mifupa miwili yenye uzito mkubwa tu. Kipeo chetu cha bega kitabaki na kifua na mtulinga, mkono wa juu umeondoka. Mhusika akiinua mkono, mkono utapanda na bega litabaki chini, kwapa limenyooka kama ubao. Kama gemu yako itaendeshwa kwenye simu hizo, panga uzito wa bega mkono wa juu uwe wa kwanza au wa pili, hata kama kwenye mifupa minne bega litaonekana gumu kidogo.