Tone la Buluu Kwenye Tanga Jeupe

Tuseme unachora jahazi. Bahari umeshaipaka, tanga ni jeupe, mara brashi inadondosha tone la buluu katikati ya tanga. Cha kufanya sasa kinategemea umeshika rangi gani: ya maji au akriliki.

Anayeanza huzichanganya kwa sababu zote mbili huzimuliwa kwa maji. Tofauti imo kwenye gundi inayoshika unga wa rangi. Rangi ya maji hutumia gundi ya mgunga, ambayo hata ikikauka hulainika tena ikiguswa na maji. Gundi ya akriliki ni ya plastiki: maji yakishatoka, chembe zake hushikana zikawa utando mmoja usioyeyuka tena.

Kwa hiyo, kama ni rangi ya maji, usisugue. Gusisha ncha ya tishu ili inyonye tone. Likiwa limekauka, lilowanishe kwa brashi safi, subiri kidogo, kisha libonyeze kwa tishu. Mara nyingi hubaki kivuli hafifu, na buluu nyingine hung'ang'ania karatasi zisitoke kabisa. Kulifunika ndiko kugumu, kwani weupe wa tanga ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila rangi. Ndiyo maana karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, inafaa: ya daftari hujikunja na kuchubuka.

Kwa akriliki, tone bichi lifute kwa kitambaa chenye maji. Likishakauka, liache. Paka nyeupe nzito juu yake. Pengine mara mbili, buluu isichungulie.

Kwenye kuchanganya, nako mambo hugeuka. Ukitaka buluu nyepesi, rangi ya maji unaiongezea maji, akriliki kwa kawaida unaitia nyeupe. Rangi ya maji ikikauka hupauka kidogo. Akriliki hukoza, kwa kuwa gundi yake mbichi ina weupe wa maziwa unaopotea. Ukirudi kesho kuziba pengo la bahari, kiraka kinachofanana kikiwa kibichi huonekana cheusi zaidi kikikauka. Jaribu kwanza pembeni, usubiri.

Kusubiri kwenyewe si kurefu: akriliki nyembamba hukauka kwa dakika kumi hadi ishirini, upesi zaidi penye upepo wa feni. Toa kidogo kidogo, maana iliyogandia kwenye sahani haitumiki tena. Ya maji iliyokaukia sahani huamshwa kwa matone machache. Yenyewe ina mtego wake: ukigusa bahari iliyokauka nusu kwa brashi yenye maji mengi, maji husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi.

Mimi ningemwanzisha mtu na akriliki akitaka kupakapaka na kubadili mawazo. Ila brashi asiilaze kando hata akiitwa chakula: aitumbukize majini kwanza, kisha aioshe kwa sabuni.