Msimamizi wa Saiti Anapoondoka: Barua Inayosema Alichofanya

Barua ya mapendekezo ya msimamizi wa saiti husomwa na mtu anayetaka kumkabidhi mgeni zege, nondo na watu arobaini, bila nafasi ya kumjaribu kwanza. Msomaji huyo, ambaye mara nyingi ni meneja wa mradi au mhandisi wa kampuni nyingine ya ukandarasi, hana haja na sifa. Anataka kujua mtu huyu anaweza nini kwa mkono na kwa uamuzi wake, aliongoza watu wangapi na kazi ikatokaje, na kama akiachiwa saiti asubuhi, jioni itakutwa ilivyotakiwa kuwa.

Barua hiyo si cheti cha utumishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kenya ina sharti kama hilo katika kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007: cheti kitaje mwajiri na anwani yake, mfanyakazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, na tarehe za kuanza na kumaliza. Lakini kifungu hichohicho kinaeleza kwamba mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wa mfanyakazi. Barua ya mapendekezo basi ni hiari. Ikishaandikwa, hata hivyo, ina wajibu wake. Mwaka 1994, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini humo, liliamua kwamba mwajiri anayeandika kwa uzembe na kumharibia mtu kazi anaweza kuwajibika kumlipa fidia. Kuficha kasoro nako kuna hatari yake, kwa kuwa kuna mtu wa pili anayeitegemea barua hiyo kufanya uamuzi wa pesa na wa usalama wa watu.

Anayefaa kuiandika ni aliyefanya kazi na msimamizi huyo kila siku, yaani meneja wa mradi au mhandisi wa saiti. Ofisi ya utumishi inamjua kwa faili tu. Lakini hata mhandisi hapaswi kuitegemea kumbukumbu yake peke yake. Kumbukumbu hupenda mwezi wa mwisho: kama waliagana kwa ugomvi wa malipo ya saa za ziada, miaka miwili ya kazi safi hufunikwa na wiki moja, na kama waliagana kwa karamu, mambo hugeuka. Ndiyo maana kabla ya kuandika hufunguliwa daftari la saiti, fomu za ukaguzi wa kabla ya kumwaga zege, matokeo ya vipimo vya maabara, orodha za mahudhurio ya vibarua na daftari la ajali. Sentensi isiyo na karatasi nyuma yake, wala mtu aliyeshuhudia, haina sababu ya kuwemo.

Uchukuliwe mfano wa msimamizi aliyemaliza miezi 22 kwenye jengo la ofisi lenye slabu nne jijini Mwanza. Rasimu ya kwanza ya barua yake, kama zilivyo nyingi, inasema ni mchapakazi, mwaminifu, ana uzoefu mkubwa wa ujenzi na anashirikiana vizuri na wenzake. Hakuna uongo ndani yake. Ila maneno hayohayo yangeweza kuandikwa kwa dereva au mtunza stoo wa mradi huohuo, na asingegundua mtu.

Upande wa ufundi hunyooka pale mwandishi anapotenganisha mambo matatu ambayo rasimu nyingi huyachanganya: alichofanya mwenyewe, alichosimamia, na alichokuwepo tu kikifanywa na wengine. Msimamizi wa mfano huu alihamisha vipimo vya kimo kutoka slabu moja hadi nyingine kwa dampi levo, akishika chombo mwenyewe. Kupima na kuweka mistari ya msingi, kwa upande mwingine, kulifanywa na mpima ardhi wa mhandisi mshauri, naye msimamizi alilinda vigingi visisogezwe. Barua ikisema kwa jumla kwamba “alihusika na upimaji wa jengo”, mwajiri mpya anaweza kumpa kazi ya kuweka msingi, na kosa la upimaji kwenye msingi hugunduliwa kuta zikiwa zimeshapanda.

Sehemu ya nondo katika barua iliyosahihishwa inasomeka hivi: “Alisoma michoro ya nondo na orodha ya kukata na kukunja bila kuelekezwa. Kabla ya kumwita mhandisi mshauri alikagua mwenyewe nafasi kati ya nondo, unene wa kifuniko cha zege na uimara wa mbao na miti ya kushikilia. Mhandisi alizipitisha slabu tatu kati ya nne katika ukaguzi wa kwanza. Slabu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu baadhi ya nondo hazikupandana kwa urefu uliotakiwa. Ilirekebishwa kesho yake.” Msomaji wa fani anaona mengi hapo. Anaona mtu anayejua maana ya Y12 @ 150 kwenye mchoro, yaani nondo za milimita 12 zilizopangwa kila baada ya milimita 150, na anayeangalia kama nondo zimeinuliwa zisiguse mbao, jambo ambalo likiachwa, nondo hukaribia uso wa slabu na kuanza kushika kutu. Anaona pia kosa la kwanza halikurudiwa. Ikifuata sentensi fupi kwamba umeme, mabomba na lifti zilikuwa za wakandarasi wadogo, na kwamba msimamizi hakuzikagua kiufundi, mipaka inakuwa imeeleweka bila kumshushia mtu hadhi.

Rekodi ya usimamizi ndiyo sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inayofaa kupewa nafasi kubwa. “Alisimamia wafanyakazi 60” inaweza kuwa kweli kwa siku nne tu za kumwaga slabu. Ni sahihi zaidi kuandika kwamba kwa kawaida alikuwa na watu 30 hadi 35, wakiwemo mafundi wa nondo, maseremala, waashi na vibarua, na kwamba siku za slabu walifika 60. Mamlaka yake nayo hutajwa. Je, aliajiri na kuachisha vibarua, au alipendekeza na meneja akaamua? Alitia saini mahudhurio ya malipo? Aliruhusiwa kusimamisha kazi akiona hatari? Mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi na aliyekuwa akisubiri simu ya mhandisi ni wasimamizi wa ngazi mbili tofauti, hata kama vyeo vyao vinaandikwa sawa.

Katika mradi huo kuna tukio ambalo mwandishi yeyote angetamani kuliruka. Nguzo mbili za ghorofa ya pili zilivunjwa na kujengwa upya. Zege lilitakiwa liwe la nguvu ya 25, yaani sampuli za mchemraba wa milimita 150 zihimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba zikiwa na umri wa siku 28. Sampuli za siku 7 kwa kawaida huonyesha karibu theluthi mbili ya nguvu hiyo, hivyo ilitarajiwa 16 au 17. Zilitoka na 11. Msimamizi alikuwa amekwenda stoo kupokea saruji, na mwendesha mashine ya kuchanganyia akaongeza maji ili zege lishuke kirahisi ndani ya nguzo. Majibu ya maabara yalipofika, msimamizi alimpigia simu mhandisi mshauri siku hiyohiyo na kuzuia bimu za juu zisifungwe. Sampuli za siku 28 zilithibitisha udhaifu, nguzo zikavunjwa, na gharama ikawa ya mkandarasi.

Kuliacha tukio hili kunaifanya barua kuwa pungufu, na mhandisi mshauri akipigiwa simu atalitaja. Kuandika tu kwamba “chini yake nguzo mbili zilivunjwa” nako ni kweli inayodanganya. Barua inalieleza kwa mfuatano: hakuwepo zege lilipochanganywa wala hakuacha mtu wa kusimama badala yake; aliripoti bila kuulizwa kabla uzito wa juu haujawekwa; na baada ya hapo kipimo cha mporomoko wa zege, kile cha kopo la chuma la urefu wa milimita 300, kilifanywa kwa kila mchanganyiko badala ya ule wa kwanza tu wa siku. Hadi jengo linakwisha hakuna sampuli nyingine iliyoshindwa. Mistari mitano ya aina hii inamweleza msimamizi kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Ajali huandikwa kwa uangalifu huohuo. “Hapakuwa na ajali” ni dai ambalo karibu hakuna saiti ya miezi 22 inayoweza kulibeba. Kinachoweza kuthibitishwa ni kwamba daftari la ajali lina majeraha matatu madogo ya mikono na miguu, na kwamba hakuna hata mmoja aliyelazwa.

Kuhusu kutegemeka, neno “mwaminifu” ni bora liachwe, vitendo viseme. Alifika kabla ya mafundi, na siku alizokosa zilikuwa za likizo au ugonjwa uliothibitishwa. Saruji iliyotoka stoo kwa saini yake ililingana na kazi iliyofanyika, ndani ya upotevu ulioruhusiwa kwenye makadirio. Maagizo ya maandishi ya mhandisi aliyafunga kwa wakati. Ripoti za kila siku, kwa upande mwingine, alizichelewesha, hasa miezi ya kwanza, na alihitaji kukumbushwa. Hilo nalo huandikwa, kwa sababu mradi wenye madai mengi ya mkataba hautaki msimamizi wa namna hiyo bila karani. Magonjwa, dini, mambo ya nyumbani na tuhuma ambazo hazikuthibitishwa havina nafasi. Aliyeachishwa kwa kosa lililothibitishwa anaweza kuandikiwa tarehe na kazi tu, au kosa lenyewe kama lilivyoamuliwa.

Mwishoni hutajwa sababu ya kuondoka, ambayo hapa ni mradi kwisha, na kama kampuni ingemwajiri tena na kwa kazi gani: “kusimamia majengo ya zege hadi ghorofa nne chini ya mhandisi wa saiti, ndiyo.” Sentensi hiyo haimfungii mlango wa jengo kubwa zaidi, inasema tu kampuni imeona hadi wapi. Barua huwa kwenye karatasi ya kampuni, ikiwa na tarehe, cheo cha mwandishi, muda alioshirikiana na msimamizi na simu ya ofisi. Haichukui nafasi ya usajili pale unapotakiwa: Kenya, kwa mfano, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ina utaratibu wake wa kuwaidhinisha wasimamizi wa saiti. Kabla ya saini, mhusika husomeshwa ili arekebishe tarehe na namba, si hukumu. Nakala hubaki kwenye faili pamoja na orodha ya karatasi zilizotumika, kwani simu ya mwajiri mpya inaweza kuja mwandishi akiwa ameshahama, na atakayeipokea atatakiwa kujibu kilekile kilichoandikwa.