Swichi Moja, Majina Mawili

Programu nyingi za simu zina swichi zilizofichwa ndani yake. Wahandisi wakitaka kuwaonjesha watu wachache huduma mpya, huiwasha swichi kwenye seva, na kila programu inapouliza hujibiwa kama imewashwa au imezimwa. Swichi hutambulika kwa jina lake tu, ndiyo maana kulibadili si kazi ya dakika moja.

Tuseme programu ya kulipia bidhaa ina swichi `malipo_mapya`, iliyowashwa kwa asilimia 20 ya watumiaji. Malipo hayo yameshazoeleka, basi inaamuliwa swichi iitwe `lipa_namba`. Mtu akifuta jina la zamani leo, simu ambazo hazijasasishwa zitaendelea kuliulizia, wala hazitaona kosa lolote. Kwa kawaida jina lisipojulikana, programu huchukua jibu la akiba, na mara nyingi jibu hilo ni "imezimwa". Huduma hupotea bila kengele kulia.

Kwa hiyo jina jipya huundwa kando ya la zamani, kisha ndipo msimbo mpya hutolewa:

```
washa = swichi("lipa_namba", None)
if washa is None:
    washa = swichi("malipo_mapya", False)
```

Jina jipya huulizwa kwanza. Lisipokuwepo, la zamani hushika nafasi. Wapo wanaounganisha majina hayo kwa `or`, lolote likiwashwa huduma iwake. Mimi sipendi: siku malipo yakiharibika, utazima moja na jingine litayaacha yakiendelea. Hata kwa njia hii ya kwanza, dharura ikitokea zima yote mawili, kwa kuwa simu za zamani hazilijui jina jipya.

Asilimia 20 nayo ina mtego wake. Mifumo mingi huchanganya jina la swichi na namba ya mtumiaji ili kuamua nani amo. Jina likibadilika, idadi hubaki karibu ileile lakini watu si walewale. Aliyezoea malipo mapya jana, leo hayaoni. Kwenye mfumo wa Unleash kuna `groupId`, ambayo usipoiandika huchukua jina la swichi. Ukiijaza `malipo_mapya` kwenye swichi mpya, watu hawahamishwi.

Dashibodi inayohesabu jina la zamani pekee itaonyesha mstari ukishuka kadiri watu wanavyosasisha, na msimamizi atadhani huduma inakufa. Ijumlishe majina yote mawili, na pembeni ihesabu maulizo ya jina la zamani kwa kila toleo la programu. Hesabu hiyo ndiyo inayoruhusu kulifuta, na kwa simu inaweza kuchukua miezi.

Jina likishafutwa, lisipewe kazi nyingine. Agosti 1, 2012, kampuni ya hisa ya Marekani, Knight Capital, ilitumia tena swichi ya zamani kwa kazi mpya. Seva saba zilikuwa na msimbo mpya. Ya nane ilisahaulika, ikaielewa swichi kwa maana yake ya kale na kumwaga maagizo sokoni. Ndani ya dakika 45 hivi, hasara ilizidi dola milioni 400.